Emoji Moja Yatosha

Kliniki inatangaza upimaji wa presha. Chini ya picha wameandika: “Njooni mpime presha bure!!! 😍🔥💉❤️🎉” Msomaji mwenye hofu ya ugonjwa anakutana na sherehe, tena bomba la sindano linamtisha bila sababu, kwani presha haipimwi kwa sindano. Asiyeona ndiye anayepata adha zaidi: simu yake humsomea jina la kila emoji, moja baada ya nyingine.

Maelezo hayo yangeweza kuandikwa hivi:

“Jumamosi tunapima presha bila malipo, saa 2 asubuhi hadi saa 6 mchana. Usinywe kahawa nusu saa kabla ya kupimwa.
📍 Ghorofa ya kwanza, mkabala na stendi.”

Emoji iliyobaki ina kazi: jicho linalotafuta mahali linatua hapo mara moja. Imewekwa mwanzoni mwa mstari wake, haikati sentensi. Ukiifuta, maneno bado yanajitosheleza, na ndivyo inavyotakiwa.

Ofisi ya mawakili ina mtego wake. Ukiweka 💰 au 🏆 kando ya neno “fidia”, mteja atasoma ahadi ya ushindi ambayo hakuna wakili anayeweza kuitoa. Mizani ⚖️ haina ubaya, ingawa kuirudia kila chapisho huchosha. Kwenye mirathi, talaka au kufukuzwa kwenye nyumba, mimi nisingeweka hata moja. Na mteja akilalamika hadharani, mjibu kwa maneno matupu. Hata 🙏 anaweza kuiona kejeli.