Uji wa mtoto kwenye maikrowevu: bakuli vuguvugu, katikati moto

Asubuhi za baridi huko Myamba, juu kwenye milima ya Upare wilayani Same, uji wa mtoto hupoa na kuganda upesi. Kwa mwenye maikrowevu, mkato ni kuingiza bakuli, kubonyeza dakika moja na kuanza kulisha. Hapo ndipo ulimi wa mtoto huungua.

Maikrowevu haipashi chakula sawasawa. Mawimbi yake hupenya sentimita chache tu, tena hukazia sehemu moja na kuiruka nyingine. Uji mzito nao haujizungushi wenyewe kama maji yanayochemka, hivyo penye moto hubaki moto na penye baridi hubaki baridi. Bakuli linaweza kuwa vuguvugu mkononi huku ndani kuna donge la kuunguza. Kwa hiyo kushika bakuli si kipimo.

Chukua nusu kikombe cha uji wa lishe wa maziwa, uliopikwa jana jioni na kulala kwenye friji. Wengi hukosea kwa kuupasha hadi uvuguvugu tu. Chakula kilicholala kinatakiwa kipate moto wote, nyuzi 70 au zaidi, mpaka kitoe mvuke kila upande, ndipo kipoozwe.

Tia uji kwenye bakuli la kioo au la udongo, si la bati, na kijiko cha chuma kikae nje. Uzito ukizidi, ongeza maziwa kidogo. Funika bila kubana, liweke pembeni kidogo ya sahani inayozunguka, kisha pasha sekunde 30. Toa, koroga mpaka chini na kingoni, rudisha sekunde nyingine 20 au 30. Ukiona mvuke upande mmoja tu, bado. Maziwa hufura ghafla, kwa hiyo bakuli lisijae zaidi ya nusu.

Ukishatoa, acha dakika moja au mbili, maana joto huendelea kusambaa. Koroga tena, uache upoe. Dondoshea kidogo ndani ya kiganja, pale kwenye kifundo cha mkono, ukichota katikati na siyo juu tu. Usipohisi moto wala baridi, mpe. Usipime kwa kuonja kisha ukamlisha kwa kijiko hicho hicho, na uji uliobaki bakulini baada ya kulisha usirudi friji.

Maziwa ya mama yaliyokamuliwa ni habari nyingine: hayaingii maikrowevu kabisa. Moto ule huharibu baadhi ya kinga zilizomo, na chupa hupata joto kwa mafungu. Simamisha chupa kwenye bakuli la maji ya moto yasiyochemka kwa dakika chache, itikise taratibu, kisha dondoshea pale pale kwenye kifundo.