Maembe Yaliyotangulia Kitenzi

Hii ni sentensi ambayo mwalimu wa Kifaransa wa Bukavu au Bujumbura angeweza kuisoma katika imla: « Les mangues que ma mère a achetées, je les ai mises dans le panier et j'en ai mangé trois. » Maana yake: maembe aliyoyanunua mama nimeyaweka kikapuni, nami nimekula matatu. Vitenzi vyote vitatu vimejengwa kwa kisaidizi « avoir », na vyote vinahusu maembe yaleyale. Mbona basi cha kwanza na cha pili vimeongezwa « es » mwishoni, na cha tatu kimeachwa hivyo hivyo?

Kikitumika na « avoir », kitenzi cha aina hii kwa kawaida hakigeuki: « Ma mère a acheté les mangues. » Kinageuka pale tu kitendwa kinapotajwa kabla yake. Hapo hupokea « e » kama kitendwa ni cha kike, na « s » kama ni kingi.

Kwa hiyo mwandishi huuliza: mama alinunua nini? Maembe. Yametajwa wapi? Nyuma, na « que » ndiyo inayoyashikilia nafasi. Basi « achetées ». Niliweka nini? « Les », yaani hayohayo, nayo imetangulia. Basi « mises ». Katika « j'en ai mangé trois », kilichotangulia ni « en », ambayo humaanisha tu sehemu ya kitu kilichotajwa. Haihesabiwi kuwa na jinsia wala idadi, na ile « trois » imekuja baada ya kitenzi. Hakuna cha kukigeuza.

Sisi wazungumzaji wa Kiswahili tuna mtego wetu. Tumezoea kukipachika kitendwa ndani ya kitenzi popote kilipo: maembe nimeyanunua, nimeyanunua maembe. Kwetu mpangilio haubadilishi ile « ya ». Kifaransa kinaangalia mpangilio tu, na mwanafunzi anayeandika « J'ai achetées les mangues » amekosea, hata kama maembe ni mengi na ni ya kike.

Masikio nayo hayasaidii sana. « Acheté » na « achetées » hutamkwa sawasawa, ndiyo maana hata waliozaliwa Paris hukosea. Lakini katika « mises » ile « s » ya katikati inasikika kama « z ». Ukikwama, weka kichwani kitenzi kinachosikika mahali pa kile kilichokushinda: « les mangues que ma mère a prises ». Ukisikia « prises », jua kwamba « achetées » nayo inahitaji nyongeza. Mbinu hii ina mpaka wake, kwani siku hizi wengi husema « la décision que j'ai pris », na sikio lililozoea hivyo halitakuonya.

Kosa jingine ni kukigeuza kitenzi kwa ajili ya mtu anayetendewa. « Les filles, je les ai vues », kwa sababu niliwaona wao. Lakini « je leur ai parlé » haigeuki, kwa sababu Kifaransa husema « parler à »: maneno yanaelekezwa kwao, wao si kitendwa. Katika « les lettres qu'elle m'a écrites », anayeamua ni barua, si mimi niliyeandikiwa.

Aliyeisukuma kanuni hii kwa nguvu ni mshairi Clément Marot, mwaka 1538, akiwatolea Waitaliano kuwa mfano. Mwaka 1900 serikali ya Ufaransa ilitaka watahiniwa wasiadhibiwe kwa kuivunja. Akademi ya Kifaransa ikapinga, na agizo la Februari 1901 likabakiza msamaha mdogo tu, hasa pale kitenzi kingine kinapofuata. Mwaka 2018 walimu wawili wa Ubelgiji, Arnaud Hoedt na Jérôme Piron, walidai kanuni yote ifutwe. Mjadala uliwaka, lakini imla bado zinasahihishwa kama zamani.

Msamaha wa 1901 unaeleweka ukitazama mifano miwili. « La chanteuse que j'ai entendue chanter » inageuka, kwa sababu niliyemsikia ni mwimbaji mwenyewe, naye ndiye anayeimba. « La chanson que j'ai entendu chanter » haigeuki, kwa kuwa wimbo haujiimbi. Nilichosikia ni watu wakiuimba. Kinachoulizwa ni kama kilichotajwa mbele ndicho kinachofanya tendo la pili. Kwa « fait » hata swali hilo halina haja: ikifuatwa na kitenzi kingine haigeuki kamwe. Gauni ulilomshonesha fundi utaliandika « la robe que j'ai fait coudre ». Ukilishona mwenyewe, ni « la robe que j'ai faite ».