Bei ya kusaga ikipanda: namna ya kumwambia mteja wa miaka mingi

Mwenye mashine ya kusaga anayetumia injini ya dizeli katika kata kama Kasokola, nje kidogo ya mji wa Mpanda, ana wateja ambao hawezi kuwabadilisha. Ni majirani zake, wazazi wa watoto wanaosoma na wanawe, mama lishe wa sokoni, mzee anayemsagia tangu mashine ilipoanza kazi. Dizeli ikipanda, ni hao hao atakaowaongezea bei, na kesho yake atakutana nao kisimani na msibani. Ndiyo maana wenye mashine wengi huvumilia hasara miezi kadhaa, kisha asubuhi moja hupandisha bei kwa mkupuo bila kusema neno. Njia hiyo ndiyo mbaya kuliko zote.

Kabla ya kutafuta maneno ya kumwambia mteja, fanya hesabu, kwa sababu tangazo zuri halina kingine ndani yake zaidi ya hesabu. Tuseme bei yako ya sasa ni shilingi 1,500 kwa debe. Kwa siku chache andika lita za dizeli ulizoweka na madebe uliyosaga. Injini iliyo katika hali nzuri, yenye chekeche ya unga laini, hutumia lita moja kwa takriban madebe manne ya mahindi makavu. Kama yako inatoa madebe mawili tu kwa lita, usimpelekee mteja mzigo huo: nyundo zimelika, mkanda unateleza au mahindi yana unyevu. Hiyo ni kazi ya fundi.

Sasa tuseme dizeli imetoka shilingi 2,800 hadi 3,200 kwa lita. Ongezeko ni 400, na lita ni madebe manne, kwa hiyo kila debe limeongezewa shilingi 100. Nyundo na chekeche ulizokuwa ukinunua kwa 90,000 sasa ni 120,000, na hudumu kwa madebe kama 1,500. Hapo pana shilingi 20 kwa debe. Kijana wa mashine ulikuwa ukimlipa 8,000 kwa siku na sasa anataka 10,000. Kwa madebe 40 kwa siku, hiyo ni 50. Jumla ni shilingi 170 kwa debe. Bei mpya ni 1,670, na kwa kuwa chenji ya namba hiyo haipatikani, itakuwa 1,700. Shilingi 30 zilizobaki ni za kurahisisha chenji, na ukiulizwa utasema hivyo hivyo.

Anayeruka moja kwa moja hadi 2,000 kwa sababu ni namba nzuri na noti zake ni rahisi kuhesabu, ameongeza 500 akiwa na sababu ya 170. Wateja wa muda mrefu hawajui daftari lako, lakini bei ya dizeli wanaijua. Mwenye bodaboda anajua petroli, mwenye trekta anajua dizeli, na EWURA hutangaza bei kikomo Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, Mpanda ikiwa na bei yake kwa kuwa mafuta huongezewa gharama ya kusafirishwa kutoka bandarini. Yeyote anaweza kuiona kwa kupiga *152*00# kwenye simu yake.

Kwa nini kushikilia ile 170 kwa ukali namna hiyo? Mwaka 1986 watafiti Daniel Kahneman, Jack Knetsch na Richard Thaler walichapisha matokeo ya mahojiano ya simu waliyofanya na wakazi wa Toronto na Vancouver, Kanada. Waliwaeleza watu kisa cha duka lililokuwa likiuza koleo za kuzolea theluji kwa dola 15. Usiku theluji kubwa ikaanguka, asubuhi duka likauza koleo zile zile kwa dola 20. Asilimia 82 ya waliohojiwa walisema huo ni uonevu. Wengine walielezwa kisa cha muuza mboga ambaye saladi imempandia senti 30 kwa jumla, naye akapandisha senti 30 kwa mteja. Hapo watu karibu wanane kati ya kumi walisema ni sawa. Katika visa vyote viwili mnunuzi anatoa pesa zaidi. Tofauti ni kwamba muuza mboga amehamisha gharama iliyomfika, na mwenye koleo ametumia shida ya mteja.

Lilete jambo hilo Kasokola. Umeme ukikatika siku tatu, wateja wote wa mashine ya umeme humiminika kwenye mashine ya dizeli. Foleni inafika barabarani, na mwenye mashine anaona nafasi. Akipandisha bei siku hiyo, hata kama dizeli kweli ilipanda mwezi uliopita na hesabu yake ni safi, mbele ya macho ya watu ni mwenye koleo. Vivyo hivyo Januari na Februari, mahindi yanapokuwa machache nyumbani na mengine yananunuliwa sokoni kwa bei ya juu. Wakati unaofaa ni kuanzia Juni, mavuno yakiwa yameingia, watu wana mahindi na wana fedha kidogo mkononi. Kama gharama imepanda Januari na huwezi kusubiri, basi pandisha ile sehemu ya dizeli tu, 100, na vipuri na mshahara uviache hadi mavuno. Hasara hiyo ndogo ni nafuu kuliko jina utakalopewa.

Taarifa iwe ya siku ngapi? LATRA ilipopandisha nauli za mabasi mwaka 2022 ilitangaza tarehe 30 Aprili na nauli mpya zikaanza 14 Mei, wiki mbili baadaye. Wiki mbili zinafaa kwa kusaga pia, kwa sababu familia ya watu sita humaliza debe la unga kwa wiki moja hivi. Kila nyumba itakuwa imefika mashineni angalau mara moja na kusikia kabla bei haijabadilika. Hilo ndilo lengo: mtu asisafiri na debe kichwani na shilingi 1,500 iliyofungwa kwenye kanga, halafu akaambiwa zimepungua 200.

Maneno yenyewe yawe machache. Karatasi ya ukutani inaweza kusema hivi:

"Ndugu wateja, kuanzia Jumatatu tarehe 15 Juni kusaga debe itakuwa shilingi 1,700 badala ya 1,500. Dizeli imepanda kutoka 2,800 hadi 3,200, na vipuri na ujira wa kijana wa mashine vimepanda pia. Mzigo utakaopokelewa kabla ya tarehe hiyo utasagwa kwa bei ya zamani hata kama zamu yake itafika baadaye. Dizeli ikirudi 2,800 kwa miezi miwili mfululizo, tutapunguza shilingi 100."

Tazama kwamba hakuna "samahani kwa usumbufu" wala "kutokana na hali halisi ya uchumi". Maneno hayo yameshachoka na mteja anayaruka. Sentensi ya mzigo uliokwishapokelewa ndiyo inayozuia ugomvi mwingi, kwani mama aliyeacha gunia lake Jumamosi ana haki ya kulichukua kwa bei aliyoachia.

Karatasi peke yake haitoshi kwa wale wa siku nyingi. Hao wafuatwe, au waambiwe wakiwa peke yao kabla tangazo halijabandikwa. "Shikamoo mzee. Nimekuja mwenyewe nisije nikakuacha usikie kwa watu. Kusaga kutapanda mia mbili kuanzia tarehe kumi na tano, dizeli imenizidi." Akiuliza, mfungulie daftari. Asipouliza, usimlazimishe kusikiliza hesabu. Na usimpe punguzo la siri: kijiji hakina siri, na mteja wa pili akijua kwamba jirani yake bado analipa 1,500, hesabu yako yote ya 170 imekufa. Kama unataka kumheshimu mteja wa zamani, mpe kitu cha wazi, chenye sharti ambalo yeyote anaweza kulitimiza, kwa mfano mwezi mmoja zaidi wa bei ya zamani kwa wote wanaosaga gunia zima kwa wakati mmoja.

Mahali ambapo watu wengi hukosea bila kujua ni kwenye vipimo vidogo. Debe ni sado tano. Kwa bei ya zamani sado ilikuwa 300. Kwa bei mpya ni 340, na kwa ajili ya chenji itakuwa 350. Hapo mteja wa sado analipa sawa na 1,750 kwa debe, ambayo inavumilika. Lakini wengi huandika 400 bila kufikiri, na 400 ni sawa na 2,000 kwa debe. Mwenye debe ameongezewa asilimia 13, mwenye sado theluthi nzima. Anayekuja na sado ndiye asiye na akiba. Kama 350 inakusumbua kwa sarafu za 50, andika jina lake na umdai au umrudishie safari ijayo.

Halafu kuna pumba. Kwa wanaokoboa kabla ya kusaga, wateja wengi huziacha pumba mashineni na mwenye mashine huziuza kwa wafugaji. Pumba zikipanda bei, kipato hicho kimeongezeka, na mteja anajua. Ukitangaza gharama zilizopanda na kunyamazia pumba, utaulizwa mbele ya foleni. Ama ziingize kwenye hesabu na upunguze ongezeko la kukoboa, ama mwambie mteja wazi kwamba anayetaka pumba zake azichukue.

Wapo watakaoshauri wenye mashine wa kata wakutane, wakubaliane bei moja, ili lawama isimwangukie mmoja. Msifanye hivyo. Washindani kupanga bei ya kutoza kunakatazwa na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayosimamiwa na FCC. Na anayefunga unga kwenye mifuko asikwepe tangazo kwa kupunguza gramu ndani ya mfuko ulioandikwa kilo 5, kwani hapo atakutana na Wakala wa Vipimo.

Baada ya bei kuanza, usipime kwa malalamiko. Watu hulalamika wiki ya kwanza na kuendelea kuja. Wanaoondoka kweli hawasemi kitu. Hesabu madebe ya kila wiki kwa wiki sita na ulinganishe na wiki sita za kabla ya tangazo. Kama madebe yamepungua na sado zimeongezeka, wateja wako bado wapo ila wamebanwa. Kama vyote viwili vimepungua na hakuna aliyefungua mashine mpya karibu, rudi kwenye daftari uangalie kama 170 ilikuwa 170 kweli.

Na ahadi ya kushusha itimizwe. Agosti 2022 dizeli ilifika shilingi 3,322 Dar es Salaam, na katikati ya 2023 ilikuwa chini ya 3,000. Dizeli hushuka, na wateja huona. Jumatano ya kwanza ya kila mwezi piga namba ile, soma bei ya Mpanda, iandike kwenye daftari pamoja na tarehe. Siku ikifika kiwango ulichoahidi au chini yake kwa mwezi wa pili mfululizo, bandika karatasi nyingine pale pale ulipobandika ya kwanza.