Umelipia LUKU lakini umeme haujaingia? Fahamu fedha zinakokwama

WATEJA wengi wa umeme wa LUKU wamewahi kukutana na hali hii: fedha zimekatwa kwenye simu, ujumbe wa malipo umefika, lakini mita inaendelea kusoma uniti zilezile na giza linakaribia. Mteja hukimbilia kutuma picha ya ujumbe huo kwa Shirika la Umeme Tanzania (Tanesco), kisha hushangaa kuambiwa kuwa malipo yake hayaonekani.

Kiini cha utata huo ni kwamba ujumbe wa malipo na tokeni ni vitu viwili tofauti. Ujumbe wa malipo huthibitisha kuwa fedha zimetoka kwenye simu ya mteja. Tokeni, yaani tarakimu 20 zinazoingizwa kwenye mita, hutengenezwa baadaye na mfumo wa mauzo wa Tanesco, baada ya taarifa za malipo kuufikia. Njia ya kati ikikatika, malipo huwapo bila tokeni. Mei 2021, mfumo wa LUKU ulipopata hitilafu, wananchi wengi walitaabika kwa siku kadhaa.

Chukua mfano wa mteja aliyelipa Sh20,000 saa 2:10 usiku na kupata ujumbe wa malipo pekee. Yapo mambo matatu yanayoweza kuwa yametokea.

Kwanza, huenda tokeni ilitengenezwa lakini ujumbe wake haukufika. Hili ndilo jepesi kuliko yote. Ofisa wa Tanesco akiingiza namba ya mita ataiona tokeni hiyo na kumsomea mteja tarakimu zilezile, kwani fedha zimekwisha kupokelewa.

Pili, huenda fedha zilitoka kwenye simu lakini hazikuufikia mfumo wa Tanesco. Hapo ofisa hataona chochote, na hawezi kutoa umeme kwa malipo ambayo hayajapokelewa. Mteja anapaswa kwenda kwa kampuni ya simu au benki aliyoitumia, ili muamala ukamilishwe au fedha zirejeshwe.

Tatu, huenda namba ya mita ilikuwa ya mtu mwingine, kwa mfano ile iliyohifadhiwa kwenye simu tangu nyumba ya zamani ya kupanga. Tokeni itafika, lakini mita ya mteja itaikataa. Kila tokeni hufungwa kwa ufunguo wa mita moja tu, hivyo haiwezi kufanya kazi kwingine. Dalili ni namba ya mita iliyo kwenye ujumbe kutofanana na ile iliyoandikwa kwenye mita yenyewe.

Kwa sababu hiyo, ushahidi unaosaidia ni ule wenye namba ya mita, namba ya muamala, kiasi kilicholipwa, pamoja na tarehe na saa. Namba ya muamala ndiyo muhimu zaidi, kwani kwayo malipo hutafutwa katika kila mfumo yalikopita. Picha iliyokatwa ikabaki kiasi tu cha fedha haimsaidii ofisa. Aidha, hakuna ofisa anayehitaji namba ya siri ya simu ili kushughulikia lalamiko hilo.

Wapo wanaoogopa kununua tena wakisubiri, wakidhani tokeni mpya itaifuta ile iliyochelewa. Hofu hiyo kwa kawaida haina msingi. Mita huhifadhi kumbukumbu za tokeni kadhaa zilizoingizwa karibuni, na hukataa tu iliyokwisha kutumika au iliyo ya zamani kuliko zote ilizohifadhi. Mteja wa mfano wetu akinunua umeme wa Sh5,000 usiku huo, bado ataweza kuingiza tokeni ya Sh20,000 asubuhi.

Hata hivyo, mambo hubadilika mita inapobadilishiwa ufunguo. Ndivyo ilivyokuwa kabla ya Novemba 24, 2024, siku ambayo hesabu ya muda katika tokeni za mita za aina hii duniani kote ilifika ukomo. Wateja walipewa makundi matatu ya tarakimu 20. Mawili ya kubadilisha ufunguo na la tatu la umeme wenyewe. Tokeni iliyotolewa kwa ufunguo wa zamani haikubaliwi tena, na mita ambayo haikubadilishwa huzikataa tokeni mpya. Katika hali hiyo tatizo liko kwenye mita wala si kwenye malipo, na mteja anapaswa kuomba tarakimu za kubadilisha ufunguo.

Mteja asiporidhika na majibu, anaweza kupeleka lalamiko kwa Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (Ewura), lakini baada ya kulifikisha kwanza Tanesco. Ni vyema lalamiko hilo liwe la maandishi, na mteja abaki na nakala pamoja na namba ya kumbukumbu aliyopewa.