Ute wa Shingo ya Kizazi: Namna ya Kuzitambua Siku za Kushika Mimba

Maelezo haya ni kwa ajili ya wanandoa wasemao Kiswahili wanaoishi Rusayl na mitaa mingine ya Maskati, ambao wangependa kujua ni siku zipi za mwezi mke anaweza kushika mimba. Alama inayozungumziwa humu ni ute unaotoka kwenye shingo ya kizazi. Kuutazama hakuhitaji kipimo wala gharama.

Ute huu si uchafu

Wanawake wengi wa kwetu huita kila kinachotoka ukeni «uchafu», na kwa neno hilo hilo humweleza daktari au muuguzi. Aliye mzima akisema kwamba anatokwa na uchafu, anaweza kudhaniwa kuwa ana ugonjwa na kupewa dawa asiyoihitaji. Wengine hujisafisha kwa nguvu ili waondoe kitu ambacho mwili umekitengeneza kwa makusudi. Ute ambao hauna harufu mbaya, hauwashi wala hauumi, na unaobadilika kadiri siku za mwezi zinavyokwenda, ni dalili ya uzima. Unapozungumza na muuguzi wa Kiarabu, sema «ifrazati», na ueleze rangi yake, uzito wake na siku ulizouona. Kupevuka na kutoka kwa yai huitwa «tabwidhi».

Kwa nini ute hubadilika

Hedhi inapokwisha, ndani ya ovari huanza kukua kifuko kidogo chenye yai. Kadiri kifuko kinavyokua, ndivyo kinavyotoa homoni ya estrojeni kwa wingi, na homoni hiyo huiamuru shingo ya kizazi itoe ute mwingi, mwepesi na wenye maji. Baada ya yai kutoka, homoni nyingine iitwayo projesteroni hushika zamu. Hiyo huufanya ute uwe mzito na kuiziba njia mithili ya kizibo.

Faida ya alama hii ni kwamba hujitokeza kabla ya yai, si baada yake. Yai likishatoka huishi kwa muda usiozidi siku moja. Mbegu za kiume, zikiukuta ute mwepesi, zinaweza kuishi humo hadi siku 5 zikilingoja yai. Zikikosa ute huo hufa mapema. Kwa hiyo siku za kushika mimba ni kiasi cha 6 tu katika kila mzunguko: siku 5 zinazotangulia kutoka kwa yai, pamoja na siku yenyewe. Nafasi ni kubwa zaidi katika siku 2 au 3 za mwisho za kipindi hicho. Anayengoja mpaka yai litoke ndipo aanze, mara nyingi huwa amechelewa.

Hatua nne za mwezi

Siku ya 1 ya mzunguko ni siku ambayo damu ya hedhi inaanza kutoka kwa wingi wake wa kawaida. Damu ikikatika, kwa kawaida hufuata siku kavu, ambapo mke haoni wala hahisi kitu. Baadaye huja ute mzito unaonata kama gundi, mweupe au wa manjano kidogo, ambao hukatika ukivutwa baina ya vidole. Kisha ute huongezeka na kuwa laini kama mtindi mwepesi. Mwisho huwa mwangavu, wenye kuteleza, na huvutika bila ya kukatika. Lugha yetu imeshautolea mfano ulio bora, kwani ndivyo ulivyo ute wa yai bichi la kuku.

Siku ya mwisho ya ute huo unaoteleza huitwa siku ya kilele. Yai hutoka siku hiyo au karibu nayo, kwa tofauti ya siku moja au mbili. Siku inayofuata ute huwa mzito tena au hutoweka. Ndiyo maana kilele hakijulikani siku yenyewe: hujulikana kesho yake, mabadiliko yakishaonekana. Kutoka kilele hadi hedhi inayofuata, wanawake wengi huhesabu siku 12 hadi 14.

Namna ya kuangalia

Angalia kila uendapo msalani, na uangalie kabla ya kutumia maji. Hili ndilo linalowapotea wengi katika sisi, kwa kuwa anayestanji kwanza huwa ameshauosha ute. Chukua karatasi laini, pangusa kutoka mbele kwenda nyuma, kisha tazama. Ukiona kitu, kishike baina ya kidole gumba na cha shahada na ukivute taratibu. Zingatia pia unavyohisi unapotembea: ukavu, unyevu, au utelezi. Si lazima kuingiza kidole ndani.

Usiku, kabla ya kulala, andika neno moja katika kalenda: damu, kavu, unanata, laini, au unateleza. Kama siku ile uliona zaidi ya aina moja, andika ile inayoteleza zaidi, hata kama uliiona mara moja tu. Katika miaka ya 1970 Shirika la Afya Duniani liliujaribu utaratibu wa namna hii kwa wanawake wa Nyuzilandi, India, Ayalandi, Ufilipino na El Salvador, wakiwamo wasiojua kusoma. Zaidi ya 9 katika kila 10 waliweza kuyatambua mabadiliko ya ute wao katika mzunguko wa kwanza.

Mfano wa wanandoa

Tuchukue mfano wa mke anayeishi Rusayl, ambaye mumewe anafanya kazi Sohari na hupata ruhusa ya siku chache tu kwa mwezi. Wameambiwa kwamba yai hutoka siku ya 14, kwa hiyo mume huomba ruhusa ya siku ya 13 hadi ya 15. Miezi inapita bila ya mimba, na jamaa wameanza kuuliza.

Mke anaanza kuandika. Damu inatoka siku ya 1 hadi ya 5. Siku ya 6 hadi ya 12 ni kavu. Siku ya 13 na ya 14 ute unanata, na siku ya 15 ni laini. Kuanzia siku ya 16 hadi ya 19 unateleza, na siku ya 20 umekuwa mzito. Kilele, basi, ni siku ya 19. Hedhi inakuja baada ya siku 33 kamili, yaani siku 14 baada ya kilele. Hapo tatizo lao linaonekana: mume alikuwa akirejea kazini siku ile ile ute mwepesi unapokaribia kuanza. Hesabu ya siku ya 14 inamfaa zaidi mwenye mzunguko wa siku 28, na mzunguko wa huyu si huo.

Mwezi wa pili ute laini unaonekana siku ya 13, na kilele kinakuwa siku ya 17. Hakuna kilichoharibika. Sehemu ya mwezi iliyo kabla ya yai hurefuka na kufupika, na ugonjwa, safari au dhiki huweza kuichelewesha. Kwa sababu hiyo mume hawezi kutegemea tarehe ya mwezi uliopita. Yafaa mke ampigie simu siku ute unapobadilika kuwa laini, ili awahi siku za utelezi. Wakikutana kila siku au siku moja baada ya nyingine, tangu utelezi unapoanza hadi siku inayofuata kilele, wamezipata siku zao zote zilizo bora.

Mambo yanayochanganya

Manii yaliyobaki ukeni huweza kufanana na ute hadi siku ya pili, na majimaji ya matamanio nayo huteleza, ila hukauka upesi. Usiyaandike hayo kuwa ni ute. Vilainishi vya dukani huficha alama, na baadhi yao huzidhuru mbegu. Baadhi ya dawa za mafua na mzio hupunguza ute. Kuosha ndani ya uke kwa sabuni, au kutia humo manukato na dawa za kukaza, huondoa ute na kuvuruga kinga ya asili. Sehemu ya nje inatosha kuoshwa kwa maji.

Maziwa mazito yenye mabonge na muwasho huashiria fangasi. Majimaji ya kijivu yenye harufu kama ya samaki huashiria maambukizi ya bakteria. Haya hayafuati mpangilio wa mwezi, na yanatibika. Mke anayenyonyesha, aliyeacha sindano au vidonge vya uzazi karibuni, au anayekaribia kukoma hedhi, anaweza kuona ute unakuja na kuondoka mara kadhaa bila ya yai kutoka. Vivyo hivyo kwa mwenye ovari zenye vifuko vingi, ambaye hedhi yake huchelewa sana.

Kwa wanaotaka kuchelewesha mimba

Alama hii inaweza kutumika kwa kujizuia, lakini kwa sharti gumu zaidi. Kila siku mke ajiulize: je, nimeona ute wowote leo? Nilionapo jana? Jibu likiwa ndiyo katika moja ya maswali hayo, siku hiyo ihesabiwe kuwa ya kushika mimba. Katika kila wanawake 100 wanaoifuata njia hii kama watu wanavyoifuata kwa kawaida, kiasi cha 14 hushika mimba katika mwaka wa kwanza. Ambaye mimba ingemhatarisha afya yake asiitegemee peke yake. Na aulize juu ya njia nyingine kabla ya kuhitaji.

Lini umwone daktari

Ute mzuri haubainishi kama mirija imefunguka, wala hauelezi hali ya mbegu za mume. Mkikutana katika siku zinazofaa kwa miezi 12 bila ya mimba, nendeni nyote wawili. Kama mke ametimiza miaka 35, msingoje zaidi ya miezi 6. Hedhi zikikosekana au zikipishana kwa miezi, msingoje kabisa. Kipimo cha manii ni chepesi na hufaa kifanywe mapema, kabla ya mke kuingizwa katika vipimo vizito. Chukueni ile kalenda, kwani miezi mitatu iliyoandikwa humfaa daktari kuliko maelezo ya kukumbuka.

Nenda bila ya kuchelewa ukiona damu baada ya tendo la ndoa au kati ya hedhi mbili, au ukipata maumivu makali chini ya kitovu, au homa pamoja na majimaji yenye harufu mbaya. Una haki ya kuomba kuhudumiwa na daktari mwanamke na kuomba mkalimani. Si lazima mtoto wako awe ndiye anayekutafsiria.