Walikukatalia kazi? Ujibu vile jina lako libaki ku liste

Wandugu, wengi wetu tukipata ile barua ya « tunasikitika », tunafunga simu na kunyamaza. Lakini pale kwenye ofisi ya kuajiri, dosiye haijafungwa bado. Yule wa kwanza anaweza kupata kazi ingine, kukataa mushahara, ao kushindwa mu miezi ya kujaribiwa. Kutangaza kazi upya kunakula wiki nyingi, juu ya ile wanafungua liste na kuita wa pili ao wa tatu.

Kwanza, angalia barua ilitoka wapi. Kama ni mashine ndiyo ilituma, na adresi inaandikwa « noreply », usijisumbue, hakuna mtu atasoma. Lakini kama ulifika mu mahojiano na mtu mwenyewe alikuandikia, umujibu mu siku moja ao mbili. Jibu pale pale chini ya barua yake, usifungue mupya, ili siku akitafuta namba ya ile kazi, jina lako litokee.

Tuchukue mufano: umeomba kazi ya kuchunga depo ya shirika moja pa Bunia, umekuwa wa pili. Walikuandikia kwa Kifaransa? Ujibu kwa Kifaransa. Maneno inatosha hivi:

« Bwana, nashukuru kwa kunijulisha na kwa muda wenye mulinipa. Kazi ya kufuatilia stoki ya dawa yenye mulinieleza ingali inanipendeza. Kama nafasi ya namna hii inafunguka, hata ya muda mufupi, niko tayari kuanza kisha siku saba. Kama inawezekana, naomba kujua nilipunguka wapi zaidi: mu testi ya kuandika ao mu mahojiano? »

Ona vile ametaja kazi yenyewe, na siku zenye anahitaji. Yule mwenye kuajiri, akibanwa, anatafuta ile tu. Na ulizo lake ni dogo, linajibiwa na neno moja. Ukiuliza « sababu gani hamukunichukua? » inasikilika kama mashtaka, na wengi hawatajibu.

Usiulize nani alipewa. Usimufuate ku WhatsApp yake ya nyumbani. Na kama unaona kulikuwa upendeleo wa kweli, usiuchanganye mu barua ya shukrani: mashirika mengi iko na njia yao ya malalamiko, peleka kule na ushahidi.

Tena, barua nzuri haibadilishe uamuzi wa leo. Na liste iko na mwisho wake. Wengine wanaichunga miezi sita, wengine mwaka. Kama umebadilisha namba ya simu, ao umepata cheti kipya, waandikie mustari mbili. Wakiita namba yenye haipitiki, wanaenda kwa wa tatu.