Sangara wa mita moja ana uzito wa sangara wangapi wa nusu mita?

Mwaloni, mahali popote kandokando ya Ziwa Viktoria, mchuuzi mgeni anaweza kulaza sangara wawili sambamba: mmoja wa sentimita 50, mwingine wa mita moja kamili. Macho yake yanamwambia kwamba yule mkubwa ni mara mbili ya mdogo, basi anatoa bei ya samaki wawili. Mvuvi hacheki wala hakasiriki. Anampeleka kwenye mizani. Mdogo, tuseme, ana kilo 1.5. Mkubwa, akiwa na umbo lilelile na unene wa kawaida, atavuta mshale hadi karibu na kilo 12. Hao si samaki wawili, ni wanane.

Mvuvi anajua hivyo kwa mazoea. Hesabu inayoeleza sababu yake ni fupi, na inaanza na maana ya kufanana. Katika jometri, maumbo mawili yanafanana iwapo kila urefu wa umbo moja, ukiulinganisha na urefu unaouhusu katika lile jingine, unatoa uwiano uleule. Mkia, kichwa, upana wa tumbo, hata umbali kati ya macho: vyote vimekua kwa kiasi kimoja. Kiasi hicho ndicho skeli. Kwa sangara wetu skeli ni 2, kwa sababu 100 ukigawa kwa 50 unapata 2.

Sasa wazia boksi lenye pande zote sawa, kisha ujenge jingine lenye urefu maradufu kila upande. Ili kufunika sakafu ya boksi jipya utahitaji mabonge manne ya ukubwa wa lile la kwanza, mawili kwa mawili. Bado hujafika juu. Unaongeza tabaka la pili, manne mengine. Jumla manane. Urefu umezidishwa kwa 2, eneo kwa 2 × 2, ujazo kwa 2 × 2 × 2. Skeli ikiwa 3, namba hizo zinakuwa 3, 9 na 27. Samaki hana kona kama boksi, lakini hilo halibadilishi kitu, kwa sababu kila kipande chake kidogo, hata kikiwa cha mviringo, kimetanuka upande wa urefu, wa upana na wa unene. Na kwa kuwa nyama ya mkubwa na ya mdogo zina uzani uleule kwa kila sentimita ya ujazo, uzito unafuata ujazo.

Skeli si lazima iwe namba nzima. Sangara wa sentimita 60 ana skeli ya 1.2 akilinganishwa na wa 50. Kipeo cha tatu cha 1.2 ni 1.728, kwa hiyo uzito wake ni 1.5 × 1.728, yaani kilo 2.6 hivi. Sentimita kumi tu zimeongeza zaidi ya kilo moja. Hesabu ya kurudi nyuma ndiyo inayowashangaza watu zaidi. Samaki mwenye uzito mara mbili ya wa kilo 1.5 hana urefu wa mita moja, bali wa sentimita 63 tu, kwa sababu kipeuo cha tatu cha 2 ni kama 1.26. Ukiwatazama wawili hao kwa mbali, ungeapa kwamba wanakaribiana.

Eneo nalo lina kazi yake, hasa pale barafu inapoingia. Chukua kilo 12 za sangara wa nusu mita, yaani samaki wanane, na kilo 12 za yule mmoja wa mita moja. Nyama ni sawasawa. Lakini ngozi ya mkubwa ni mara nne ya ngozi ya mdogo mmoja, wakati wale wanane kwa pamoja wana ngozi mara nane. Kwa kila kilo, mkubwa ana nusu tu ya ngozi waliyo nayo wadogo, na ngozi ndiyo mlango ambao joto hutokea. Tena joto la katikati ya mnofu wake lina safari ndefu maradufu hadi kuufikia mlango huo. Joto mara nane, mlango mara nne, njia mara mbili: ukiviweka pamoja, samaki mkubwa aliyezungukwa na barafu huchukua takriban mara nne ya muda wa mdogo kupoa hadi katikati.

Ndiyo maana kumwaga barafu juu ya sangara mkubwa bila kumpasua ni kujidanganya. Juu atakuwa baridi kama jiwe la mtoni, ndani karibu na mfupa nyama inaendelea kuharibika. Wanaojua kazi humtoa matumbo na kujaza barafu humo, na hapo wanakuwa wamefungua mlango wa pili na kufupisha njia. Ukaushaji nao ni hivyohivyo. Dagaa huanikwa wazima na jua zuri huwamaliza kwa siku moja, kwa kuwa wao ni ngozi nyingi na nyama kidogo. Sangara wa kayabo, yule wa kutiwa chumvi anayesafirishwa hadi Kongo, lazima apasuliwe na kutandazwa kwanza. Kisu kinamwongezea eneo bila kumpunguzia uzito.

Lakini samaki hakuchongwa na fundi mwenye rula. Hesabu yote hii inasimama juu ya neno kufanana, na samaki hai hulivunja mara kwa mara. Mwenye mayai tumboni huwa mzito kuliko kanuni inavyosema. Mwenye njaa huwa mwepesi, kichwa kikubwa na mgongo kama kisu. Wataalamu wa uvuvi wameugeuza udhaifu huo kuwa kipimo. Wanachukua uzito kwa gramu, wanauzidisha kwa 100, kisha wanagawa kwa kipeo cha tatu cha urefu kwa sentimita:

K = 100 × W ÷ L³

Sangara wetu wa sentimita 50 na gramu 1,500 anatoa K ya 1.2. Mwenzake wa urefu uleule mwenye gramu 1,300 anatoa 1.04, na hapo mtu anajua kwamba huyu hakuwa akila vizuri, hata kabla ya kumpasua. Namba hiyo huitwa kwa jina la Fulton, mtafiti wa uvuvi wa Uskoti. Samaki wengi wakipimwa, wakati mwingine inaonekana kwamba uzito hauendi na kipeo cha 3 hasa bali 2.9 au 3.1, kwa sababu aina ile hunenepa au hurefuka kadiri inavyokua. Kwa aina nyingi, hata hivyo, namba hukaa karibu na 3.

Kwa hiyo anayekadiria uzito kwa kupima urefu awe mwangalifu na rula kuliko na kikokotoo. Samaki alazwe sawa, mdomo umefungwa na kugusa ubao wa mwanzo, mkia usikunjwe. Kosa dogo la urefu huongezeka karibu mara tatu likifika kwenye uzito. Mtu akisoma 49 mahali pa 50, amekosea urefu kwa asilimia 2, lakini uzito kwa takriban asilimia 6. Kwenye mzigo wa tani moja wa samaki wa saizi hiyo, sentimita ile moja ni kilo 60 zisizo na mwenyewe.